Fomula ya kupima ugumu wa matini haijui Kiswahili, walimu tuwe macho

Tangu Kiswahili kiingie kama somo la lazima kwenye mtaala mpya wa sekondari ya chini hapa Uganda, walimu wengi tunahangaika kutafuta matini za kusomesha S1, na sasa kuna mtindo wa kuchukua hadithi, kuipesti kwenye tovuti ya kupima ugumu, halafu kuamini namba inayotoka. Mwenzangu mmoja anayefundisha upande wa Mbale alitupa kando hadithi nzuri kabisa za watoto kwa sababu kompyuta ilimwambia ni za kiwango cha juu kupita chuo kikuu. Hii inaniuma kweli, maana vitabu vyenyewe hatuna vingi.

Fomula inayotumika sana ni Flesch-Kincaid, hata Microsoft Word inayo. Kincaid na wenzake waliitengeneza 1975 kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, wakawapima wanajeshi 531 kwa vifungu vya vitabu vyao vya mafunzo, vya Kiingereza. Iko hivi:

```
0.39 × (maneno ÷ sentensi) + 11.8 × (silabi ÷ maneno) − 15.59
```

Jibu ndio darasa, kwa hesabu ya shule za Marekani. Ukiangalia vizuri utaona inahesabu vitu viwili tu, urefu wa sentensi na urefu wa neno, basi. Haijui maana, haijui kama hadithi inaeleweka, ukivuruga mpangilio wa maneno yote ndani ya sentensi namba inabaki ileile.

Sasa tuijaribu kwa mkono. Chukua hii: "Mama amepika chakula. Watoto wanakula. Baba anawaangalia." Sentensi 3, maneno 7, silabi 25. Maneno kwa sentensi ni 2.33, silabi kwa neno ni 3.57. Piga hesabu unapata 27.5, yaani eti msomaji awe amekaa darasani miaka ishirini na saba ndio aelewe kwamba baba anaangalia watoto wakila! Tovuti nyingine zinahesabu silabi kwa kanuni za Kiingereza kwa hiyo "aa" inaweza kuhesabiwa moja, namba ikashuka kidogo, lakini bado ni ya ajabu tu.

Sababu iko kwenye ile 11.8. Kwa Kiingereza neno refu mara nyingi ni neno adimu, la vitabuni, kwa hiyo urefu unakuwa kama dalili ya ugumu. Sisi kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati na mtendewa vyote pamoja, "anawaangalia" ina silabi saba na mtoto yeyote wa Mombasa anaisema kabla hajaanza shule.

Mtu ataniambia sawa, puuza namba yenyewe, tumia tu kulinganisha matini mbili za Kiswahili ujue ipi rahisi. Hapo ndipo inapodanganya zaidi kwa sababu inaonekana ni busara. Pima "Riba ya deni la taifa ni kubwa". Maneno 7, silabi 12, jibu 7.4. Kwa hiyo mambo ya riba na deni la taifa ni mepesi mara tatu na zaidi kuliko mama kupika, kisa ina "ya", "la" na "ni". Mwalimu anayepanga matini kwa namba hizi atakuwa anachagua sentensi zenye vijineno vifupi kama hivyo na kukwepa vitenzi vya kawaida, vilevile ambavyo mwanafunzi anatakiwa avizoee.

Na hata fomula ingetengenezwa upya kwa Kiswahili bado haimuoni msomaji. Darasa moja la S1 Kampala lina mtoto anayeongea Luganda, ambaye akiona "mtu" na "watu" anakuta kitu kinachofanana na omuntu na abantu za nyumbani, na jirani yake anaongea Acholi ambayo haina upatanisho wa ngeli wa namna hiyo. Matini ileile, ugumu tofauti kabisa.

Mimi ninachofanya ni kipimo cha kujaza nafasi, alichokianzisha Wilson Taylor 1953. Unaacha sentensi ya kwanza nzima, kisha unafuta kila neno la tano, wanafunzi wanajaza. Nikiona mtoto ameandika "kitabu ameanguka" badala ya "kimeanguka" najua hadithi ameishika, shida ni ngeli, matini inamfaa na nitamsaidia hapo. Akiandika kitu kisichohusiana kabisa na habari, au akiacha nafasi nyingi wazi, hiyo matini naiweka pembeni nampa nyingine. Inachukua kipindi kimoja tu, na karatasi chache.