Ng'ombe wa Kisunda na mizani ya jaji

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayesoma sheria mwaka wa kwanza, aliniletea rasimu ya insha yake ya historia ya sheria. Nilipofika kwenye sentensi isemayo kwamba mahakama za kikoloni ziligongana na sheria za mila "kwa sababu wakoloni walizidharau mila zetu", nikaiweka karatasi chini. Dharau ilikuwepo, sikatai. Kilichoniudhi ni kwamba jibu hilo halielezi kitu. Waingereza walipoitawala Tanganyika hawakuifuta sheria ya mila. Waliiingiza ndani ya sheria yao wenyewe, na mgongano ukazaliwa humo humo.

Kifungu cha 24 cha Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 kiliziagiza mahakama, katika mashauri ya wenyeji, ziongozwe na sheria ya mila, mradi isikinzane na haki na maadili, wala na sheria zilizotungwa na serikali. Sharti hilo la mwisho ni jepesi, kwani sheria iliyotungwa huweza kufunguliwa na kusomwa. Uzito umo katika maneno "haki na maadili", ambayo kifungu hakikusema ni ya nani.

Swali hilo lilifika mbele ya Jaji Wilson wa Mahakama Kuu mwaka 1938, katika shauri la Gwao bin Kilimo dhidi ya Kisunda bin Ifuti. Gwao alikuwa ameshinda madai ya fidia dhidi ya Mange, mtoto wa Kisunda, na ili hukumu itekelezwe zikakamatwa ng'ombe za baba. Kisunda akapinga. Kwa mila ya Wanyaturu, baba aliweza kulipishwa kosa la mwanawe. Kwa hiyo mila ilikuwepo na ilijulikana, na kilichobaki kilikuwa kuipitisha katika lile chujio la haki na maadili.

Jaji aliliona tatizo waziwazi, na hapo ndipo hukumu yake inaponishika. Alikiri kwamba yamkini kila jamii ina kipimo chake cha haki na maadili. Kisha akajiuliza kifungu kinakusudia kipimo cha Mwafrika au cha Mwingereza, akajibu bila kusitasita kwamba mahakama ya Kiingereza katika Afrika haiwezi kutumia kipimo kingine ila cha Kiingereza. Kwa kipimo hicho, mtu mzima hujibu makosa yake mwenyewe, na kumnyang'anya baba mali kwa kosa asilolitenda ni dhuluma. Mila ikakataliwa.

Nitakubali, japo kwa shingo upande, kwamba hoja hiyo ina nguvu yake. Mzee aliyeamka asubuhi akakuta zizi limepungua kwa sababu ya mtoto asiyesikia, naye angekuwa na neno la kusema. Hata hivyo, jaji alianza na jambo ambalo hakulithibitisha, nalo ni kwamba ng'ombe wale walikuwa mali ya Kisunda peke yake, kama fedha za mtu katika akaunti yake. Zizi la mfugaji wa namna hiyo halikuwa hivyo. Humo ndimo kijana alimotazamia kupata mahari yake na urithi wake. Ng'ombe alioletewa dada yake aliyeolewa waliingia humo, na mkono wa kijana mwenyewe katika kuchunga ulikuwa humo pia. Baba alikuwa msimamizi mwenye kauli ya mwisho. Mlango huo huo uliomtolea mtoto mahari ndio uliomtolea fidia, na kwa kuwa gharama ingemrudia, baba alikuwa na sababu ya kumkanya mwanawe mapema. Ukiiondoa fidia ukaacha mengine yote kama yalivyo, mdai hubaki na hukumu dhidi ya kijana ambaye huenda hana hata mbuzi kwa jina lake.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu aandike kwamba mifumo miwili ilikuwa na majibu mawili kwa swali moja, yaani nani hubeba deni: mtu au ukoo. Mgongano ukawa wa lazima pale mmoja wa mifumo hiyo ulipofanywa mizani ya kuupimia mwingine. Kuna shauri la Amkeyo la mwaka 1917, Kenya, ambapo mke aliyeolewa kimila aliruhusiwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe kwa kuwa jaji hakuiona ndoa hiyo kuwa ndoa. Nalo linastahili aya yake.

Asisahau pia kwamba kifungu kile kile cha 24 kiliziagiza mahakama zitazame haki ya msingi bila kushikilia mno ufundi wa taratibu. Akiisoma hukumu ya 1938 na maneno hayo mbele yake, ajiulize Gwao, ambaye ndiye aliyedhulumiwa tangu mwanzo, aliondoka mahakamani na nini.