Blanki pekee haitoshi: maharage, amonia na ile rangi ya zambarau

Yeyote aliyesoma sekondari hapa Uganda anaikumbuka biureti. Unatia sodiamu haidroksaidi kwenye neli, unadondosha salfeti ya shaba, na ikigeuka zambarau unaandika "protini ipo". Kwa mtoto wa S.4 hilo linatosha. Tatizo linaanza tunapoacha kuuliza kama protini ipo, tukauliza ipo kiasi gani, kisha tukaendelea kuiamini ile zambarau kama tulivyoiamini shuleni.

Mimi ni fundi wa maabara Kampala, na maoni yangu ni haya: kipimo cha protini kwa rangi kisichokuwa na neli ya kuongezea, yaani neli ambayo umetia protini ya kiasi unachokijua juu ya sampuli yako, kisikubaliwe kwenye ripoti ya mwanafunzi wala ya mtafiti. Blanki nzuri, yaani neli yenye kila kitu isipokuwa protini, ni ya lazima, lakini inaona kosa la aina moja tu, na makosa yapo ya aina mbili.

Nilisadiki kabisa siku moja mwanafunzi aliponijia na maji ya maharage ya Nambale, yale mekundu yenye madoa. Alikuwa amesaga, akatoa protini kwa maji ya chumvi, akaishusha kwa salfeti ya amonia, akazungusha kwenye sentrifuji, kisha akayeyusha mashapo kwenye mililita 10 za bafa. Kwenye neli alitia nusu mililita ya maji hayo na nusu mililita ya maji safi, akaongeza mililita 4 za kitendanishi cha biureti, akasubiri dakika 30, akasoma kwenye nanomita 540. Blanki yake ilikuwa maji matupu.

"Mzee, mashine inasema 0.253," akaniambia. Mstari wake wa kulinganishia, uliochorwa kwa albumini ya ng'ombe ya viwango vinavyojulikana, ulikuwa mzuri: kila miligramu 1 kwa mililita ilipandisha usomaji kwa 0.055. Basi kwenye neli mlikuwa na miligramu 4.6 kwa mililita, na kwa kuwa sampuli ilizimuliwa nusu kwa nusu, jibu lake lilikuwa 9.2. Alishaliandika kwa kalamu.

Nikamwomba aishike neli ile mbele ya karatasi nyeupe, pembeni ya neli ya albumini. Ya albumini ilikuwa zambarau safi. Yake ilivutia bluu. Kisha nikamwambia atie kitendanishi kwenye neli mpya ya sampuli na anuse kidogo kwa kupepea mkono, asiweke pua mdomoni mwa neli. Akarudisha kichwa nyuma: harufu ya amonia, ile ya banda la kuku lisilofagiliwa.

Kilichotokea ni hiki. Mashapo yanayotoka kwenye sentrifuji hubaki yamelowa, na maji yanayoyalowesha ni ya salfeti ya amonia. Kitendanishi cha biureti kina alkali kali, na alkali huifukuza amonia kutoka kwenye chumvi yake. Shaba ndiyo inayotakiwa ishikane na minyororo ya protini, maana zambarau hutokana na shaba hiyo ikishikwa na nitrojeni za viungo vya peptidi. Lakini amonia nayo ina nitrojeni, nayo huishika shaba na kutoa bluu yake yenyewe. Kwa hiyo amonia inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inaongeza rangi isiyo ya protini, na inaigombania shaba hadi protini ile ile itoe zambarau pungufu.

Tukatengeneza blanki ya haki: bafa ile ile yenye salfeti ya amonia kwa kiasi tulichokadiria kimebaki, bila protini. Ikasoma 0.066 dhidi ya maji. Tukaitoa kwenye 0.253, ikabaki 0.187, sawa na 6.8 kwa mililita ya sampuli. Wengi hapa ndipo wanapofunga daftari, wameridhika kwamba wamesahihisha.

Tukaendelea. Neli nyingine ilipata nusu mililita ya sampuli na, badala ya maji, nusu mililita ya albumini ya miligramu 10 kwa mililita. Kama hakuna kinachoizuia protini kutoa rangi yake, usomaji ulipaswa kupanda kwa 0.275. Ulifika 0.481, maana yake ulipanda kwa 0.228 tu. Asilimia 83. Protini tuliyoitia kwa mikono yetu wenyewe haikuonekana yote, basi ya maharage nayo haikuonekana yote. Ukigawa 6.8 kwa 0.83 unapata kama miligramu 8.2 kwa mililita.

Angalia namba hizo tatu tena: 9.2 bila kusahihisha, 6.8 baada ya blanki peke yake, 8.2 baada ya zote mbili. Blanki peke yake ilitupeleka mbali zaidi na ukweli kuliko kutofanya kitu! Makosa mawili yalikuwa yanavutana, tukaliondoa moja na kuliachia la pili uwanja.

Hata hivyo sikumruhusu aandike 8.2. Hiyo ni namba ya kukisia ukubwa wa tatizo. Dawa ni kuiondoa amonia. Tuliitia sampuli kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha chumvi na kuizuia protini, usiku mzima ndani ya friji, tukibadilisha bafa mara tatu. Bafa hiyo ilikuwa ya fosfeti yenye chumvi ya mezani, kwa sababu protini kuu ya maharage ni globulini, na ukiitia kwenye maji matupu inajigandisha ndani ya mfuko ukadhani imeharibika. Chumvi hiyo haiisumbui biureti. Asubuhi maji yalikuwa yamevimba hadi mililita 10.8, usomaji ulitoa 7.6 kwa mililita, yaani miligramu 82 kwa jumla, na neli ya kuongezea ilirudisha asilimia 98. Hiyo ndiyo aliyoandika.

Najua kuna atakayesema: kwa nini usitumie rangi ya Kumasi, njia ya Bradford ya mwaka 1976, ambayo haijali sana salfeti ya amonia? Ni kweli, na inahitaji sampuli kidogo sana. (Rangi hiyo imebeba jina la mji wa Kumasi, Ghana.) Lakini inashikana zaidi na aginini, moja ya asidi amino zinazounda protini, kwa hiyo protini mbili za uzito sawa hazitoi bluu sawa, na albumini ya ng'ombe hutoa bluu nyingi kuliko protini nyingi nyingine. Ukiifanya albumini hiyo kuwa protini yako ya kulinganishia, maharage yatasoma chini. Na ole wako kama umetoa protini kwa sabuni kama SDS au Triton: sabuni huigeuza rangi hiyo yenyewe. Kule nako neli ya kuongezea ni ya lazima, ingawa tofauti ya aginini haitaionyesha, kwa sababu kitu unachoongeza ni albumini ile ile.

Gharama ya haya yote ni neli mbili na mililita 8 za kitendanishi. Tangu siku ile, kwenye meza yangu mwanafunzi hapewi muda wa spektrofotomita mpaka mpango wake uonyeshe neli ya kuongezea itakaa nafasi ya ngapi kwenye kishikio.