Kura za wawakilishi zisifichwe ndani ya neno "lilipitishwa"

Makatibu wengi wa kampuni huandika muhtasari kwa mkato: azimio liliwasilishwa, likaungwa mkono, likapitishwa. Wana hoja yao. Muhtasari ni kumbukumbu ya uamuzi, si ya nani alisema nini, na hakuna mwanahisa anayependa ukubwa wa hisa zake usomwe na kila mtu. Hilo nalikubali. Majina hayahitajiki.

Ila hesabu inahitajika. Tuchukue mkutano wa kubuni. Ukumbini wapo wanahisa 22 wenye hisa 180,000. Wengine wametuma fomu za uwakilishi zenye jumla ya hisa 420,000, zote zikimtaja mwenyekiti kuwa mwakilishi. Azimio linahitaji wingi wa kawaida. Mikono inanyooshwa: 19 wanakubali, 3 wanakataa. Katibu wa mkato anaandika "lilipitishwa" na kufunga daftari.

Sasa zifungue zile fomu. Hisa 130,000 zimeagiza kura ya ndiyo, 270,000 hapana, na 20,000 zimeagiza kutopiga kura. Ukumbini, waliokubali wana hisa 150,000 na waliokataa 30,000. Ukijumlisha, ndiyo ni 280,000, hapana ni 300,000. Azimio limeanguka, na mikono 19 ya ukumbini ilikuwa ikisema kinyume. Mwenyekiti mwenye fomu hizo mkononi anajua mikono haisemi kweli. Palipo na mapokeo ya sheria ya Kiingereza, anatarajiwa kuitisha kura ya kuhesabu hisa. Asipoitisha, muhtasari wa mkato utamsitiri, na huo ndio ubaya wake.

Kinachotosha kuandikwa hakizidi mistari michache: "Kwa kura ya hisa, ndiyo 280,000 (wawakilishi 130,000), hapana 300,000 (wawakilishi 270,000). Hisa 20,000 hazikupigiwa kura. Azimio halikupitishwa." Kabla yake, penye akidi, andika idadi ya fomu halali zilizopokelewa kabla ya muda wa mwisho, na zilizokataliwa pamoja na sababu: haikusainiwa, ilichelewa. Kama zipo fomu zilizomwachia mwakilishi uamuzi, zitenge na zile zenye maagizo, maana hapo kura ni ya mwakilishi kweli. Fomu zenyewe, zenye majina, zinabaki kwenye faili, na siri ya mwanahisa haijaguswa.

Penye kuteleza zaidi ni kwa mwanahisa aliyetuma fomu kisha akaja mwenyewe. Tuseme ana hisa 15,000. Akipiga kura mwenyewe, kwa kawaida fomu yake haihesabiwi tena, na hisa hizo zihamishwe kutoka safu ya wawakilishi kwenda safu ya waliohudhuria. Katibu akisahau, jumla ya ndiyo, hapana na zisizopigiwa kura itafika 615,000 badala ya 600,000 zilizoorodheshwa mlangoni. Muhtasari usio na tarakimu hautaonyesha kosa hilo kamwe.