Pointi 1.6 zilipotea kwenye majani gani?

"Tumetoka megabaiti 100 hadi chini ya 4, na usahihi umeshuka pointi 1.6 tu. Mnataka tupime nini tena?"

Anayeuliza hivi amepunguza modeli inayotambua magonjwa ya mahindi kwa picha ya jani ili itoshee kwenye simu, na ana hoja. Mkulima wa Kuresoi ambaye bando lake huisha kabla ya jioni hafaidiki na modeli iliyoko kwenye seva, hata iwe na akili kiasi gani. ResNet-50, modeli kubwa ya kutambua picha, ina vigezo milioni 25 na ushei, yaani namba inazojifunza. MobileNetV2 ina kama milioni 3.5, na ukivihifadhi kwa biti 8 badala ya 32, inatoshea kwenye simu ya bei nafuu na kujibu shambani bila mtandao. Mbinu zenyewe si za kubahatisha. Mwaka 2015 Song Han na wenzake waliipogoa AlexNet, modeli nyingine ya picha, yaani walikata vigezo visivyo na mchango mkubwa, kutoka milioni 61 hadi milioni 6.7 bila usahihi wake kushuka. Mwaka huohuo Hinton, Vinyals na Dean walieleza jinsi modeli ndogo inavyojifunza kutoka kwa kubwa: haipewi jibu tupu, hupewa pia mashaka ya mwalimu wake, kwamba jani hili ni asilimia 62 ugonjwa huu na 33 ule.

Kinachonisumbua mimi ni wastani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa modeli inayotambua magonjwa ya mahindi. Picha za majaribio ni 1,000: majani mazima 600, madoa ya kijivu 200, milia 160, na MLN, ule ugonjwa wa virusi unaoua mahindi, ulioripotiwa mara ya kwanza nchini Kenya huko Bomet mwaka 2011, picha 40. Modeli kubwa inapata 580, 186, 146 na 34, jumla 946. Ndogo inapata 582, 182, 144 na 22, jumla 930. Hizo ndizo pointi 1.6 zenu. Lakini kati ya picha 40 za MLN, kubwa ilikosa 6, ndogo imekosa 18. Kwenye majani mazima ndogo hata imeshinda, na wingi wa majani hayo ndio umefunika shimo. Tena huu ndio ugonjwa ambao kuukosa kunaumiza zaidi: mmea wenye MLN unapaswa kung'olewa mapema kabla vithiripi na mbawakawa hawajapeleka virusi kwa jirani. Akiambiwa ni milia, mkulima atauacha umesimama.

Kwa nini hasara iangukie hapo? Kupogoa huanza na vigezo vyenye uzito mdogo. Sehemu za modeli zinazohudumia ugonjwa adimu zimefunzwa kwa picha chache, kwa hiyo huenda ndizo zinazoonekana hazina kazi. Kisha modeli inafunzwa upya kwa data ileile, ambamo majani mazima ndiyo mengi, na inarudisha kwanza kile kinachoonekana kila mara. Sara Hooker na wenzake walilionyesha hili mwaka 2019: baada ya kupogoa, wastani ulitikisika kidogo huku hasara ikirundikana kwenye madaraja machache, yaani aina chache za majibu, na kwenye picha chache. Mwalimu naye haokoi sana, maana mengi ya makosa yake 6 pia yanarithiwa.

Mpinzani atasema picha 40 ni chache mno, na hapo yuko sahihi nusu. Ukiitazama 22 kati ya 40 peke yake, kosa la sampuli ni kama pointi 15 kila upande. Ila modeli zote mbili zimeona picha zilezile, kwa hiyo linganisha picha kwa picha. Tuseme 14 kubwa ilizipata na ndogo ikazikosa, na 2 kinyume chake. Kama tofauti ingekuwa bahati tu, mgawanyo wa 14 kwa 2 au ulioegemea zaidi, upande wowote, ungetokea kama mara 4 katika 1,000. Kupima huko ni mistari michache:

```python
for k in madaraja:
    m = (y == k)
    A = (kubwa[m] == k)
    B = (ndogo[m] == k)
    print(k, A.mean(), B.mean(),
          (A & ~B).sum(), (~A & B).sum())
```

Hapo `y` ni majibu sahihi, na `ndogo` iwe majibu yaliyotoka kwenye simu yenyewe, baada ya kugeuzwa kuwa biti 8. Wengi hupima kwenye kompyuta kabla ya mageuzi hayo, halafu simu inapunguza picha kwa njia nyingine na majibu yanabadilika.

Dawa ipo, ingawa ina gharama. Unapofunza upya, picha za MLN zirudiwe mara nyingi zaidi, au upogoe kidogo zaidi na ukubali megabaiti 5. Unaweza pia kushusha kiwango cha uhakika ambacho modeli inahitaji ili kuitaja MLN, lakini hapo kengele za uongo zitaongezeka, na kila kengele ya uongo ni mahindi mazima yanayong'olewa. Kwa hiyo, modeli inaposita kati ya MLN na milia, ni afadhali simu imtume mkulima kwa afisa wa kilimo kuliko ichague.