Ukubwa wa sampuli kwa wastani wa kijiometri: logi inatosha?

Ukipima kingamwili baada ya chanjo, watu wengi huwa na viwango vya chini au vya kati, na wachache huwa na viwango vikubwa mno. Ukichukua logi ya kila kipimo, mkia ule mrefu hujikunja na data hukaribia umbo la kengele. Ndiyo maana watafiti wa chanjo hulinganisha wastani wa kijiometri, yaani wastani wa logi uliorudishwa kwenye kipimo cha kawaida, na ndiyo maana wengi wetu tunasema sampuli nayo ipigiwe hesabu kwenye logi. Nami nakubali, ila kwa masharti.

Uzuri wa njia hii ni kwamba tofauti ya logi mbili ni logi ya uwiano. Huhitaji kujua kama kiwango ni 300 au 3,000. Unachotakiwa kuamua ni uwiano upi una maana kitabibu, tuseme mara 1.5. Kwa makundi mawili yaliyo sawa, kiwango cha maana cha asilimia 5 na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti hiyo, idadi ya watu kwa kila kundi ni:

n = 15.7 × s² / (ln R)²

R ni uwiano, ln ni logi asilia, na s ni mkengeuko sanifu wa data *iliyokwisha kuwekwa kwenye logi*. Kazi ngumu iko kwenye s, kwa sababu makala nyingi haziitaji. Hutoa wastani wa kijiometri na mipaka yake ya uhakika ya asilimia 95 tu. Bahati nzuri, mipaka hiyo inatosha. Chukua mfano wa kundi la watu 50 lenye wastani wa kijiometri 1,200, mipaka ikiwa 900 na 1,600. Gawanya 1,600 kwa 900, chukua logi asilia, upate 0.575. Gawanya kwa 3.92, kisha zidisha kwa kipeuo cha pili cha 50. Jibu ni 1.04. Kwenye programu ya takwimu iitwayo R:

```
s <- log(1600/900)/3.92*sqrt(50)
power.t.test(delta=log(1.5), sd=s, power=0.8)
```

Fomula inatoa watu 103 kwa kila kundi. Programu ya R inatoa 104, kwa kuwa inatumia mgawanyo wa t. Ukiridhika na kutafuta uwiano wa mara 2 badala ya 1.5, fomula inashuka hadi 36.

Kosa linaloumiza zaidi hapa ni kuchanganya logi. `log()` ya R ni logi asilia, lakini `LOG()` ya Excel, usipoipa kizio, ni ya kizio cha 10. Mtu akileta s ya kizio cha 10, ambayo kwa data hii ni 0.45, halafu akaiweka pamoja na ln 1.5, atapata watu 20 kwa kundi badala ya 103. Hesabu haitalalamika, na hata 20 haionekani ya ajabu kwenye pendekezo la utafiti. Dawa yake ni kupiga hesabu mara mbili, kila mara kwa logi moja mwanzo hadi mwisho. Majibu yasipolingana, kuna mahali zimechanganywa.

Sasa upande wa pili, ambao una hoja nzito. Kwanza, s yenyewe ni makadirio. Ikitoka kwa watu 50, mpaka wake wa juu wa asilimia 95 ni kama 1.29, na hapo unahitaji watu karibu 160 kwa kundi. Aliyeajiri 103 kwa kutegemea 1.04 anaweza kujikuta na utafiti dhaifu. Mimi ningepanga karibu na mpaka wa juu, hasa data ya awali ikiwa chache.

Pili, vipimo vilivyo chini ya uwezo wa mashine havina logi ya kweli. Desturi ni kuviandika nusu ya kikomo cha kipimo. Vikiwa vichache si neno. Vikiwa theluthi ya kundi, s inategemea zaidi namba uliyoichagua kuliko damu za watu, na fomula haifai tena. Hapo ni bora kuiga data kwa kompyuta na kuhesabu ni mara ngapi tofauti inaonekana.

Pingamizi la tatu ndilo linalonishawishi zaidi: wakati mwingine wastani wa kijiometri haujibu swali lililoulizwa. Kwa gharama za matibabu, hospitali hulipa jumla, na jumla hufuata wastani wa kawaida, ambao kwa data ya aina hii ni wastani wa kijiometri mara exp(s²/2). Makundi mawili yenye wastani wa kijiometri sawa kabisa, moja likiwa na s ya 1.0 na jingine 1.3, hupishana kwa asilimia 41 kwenye wastani wa kawaida. Jaribio la kwenye logi, hata liwe na maelfu ya watu, halikuundwa kuiona tofauti hiyo. Kwa kingamwili nitabaki na logi, kwa sababu hakuna anayejumlisha kingamwili za watu mbalimbali. Kwa gharama, sampuli ipangwe kwa wastani wa kawaida, hata kama itakuwa kubwa zaidi.