Wiki ya nane ni kuchelewa mno

Jirani yangu alikuja wiki iliyopita kuomba mmoja wa watoto wa mbwa wetu. Wana wiki tano. Akaniuliza, "Umeshawapa dawa ya minyoo?" Nikamjibu kwamba wameshapata mara mbili. Akacheka: "Mbona mapema hivyo? Sisi tunasubiri siku ya chanjo."

Wengi tunafanya hivyo. Chanjo ya kwanza huanza wiki ya sita hadi ya nane, basi na dawa ya minyoo inasubirishwa hapo. Mimi naona mazoea hayo ndiyo yanayoujaza uwanja mayai ya minyoo, na anayelipia ni mtoto wa miaka miwili anayejifunza kuonja udongo.

Minyoo ya duara ya mbwa, ile mirefu myeupe kama tambi, haimsubiri mtoto wa mbwa azaliwe. Mama mbwa hubeba lava, yaani minyoo michanga, waliolala ndani ya nyama yake, pengine tangu utotoni mwake. Mimba ikikaribia wiki ya sita, lava hao huamka na kupita kwenye kondo hadi kwa watoto tumboni. Wengine hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana mama mwenye afya, ambaye kinyesi chake kikipimwa hakionyeshi kitu, anaweza kuzaa watoto sita wote wakiwa na minyoo.

Sasa tupige hesabu ya siku. Mtoto aliyeambukizwa tumboni huanza kutoa mayai akiwa na wiki tatu hivi, tuseme siku ya 23. Mnyoo jike mmoja hutaga makumi ya maelfu ya mayai kwa siku. Yai bichi halimdhuru mtu. Linahitaji kukaa kwenye udongo wenye joto na unyevu, na kwa hali ya hewa yetu wiki mbili au tatu hutosha. Kwa hiyo mayai ya siku ya 23 yanakuwa tayari kuambukiza karibu siku ya 43. Ukisubiri wiki ya nane, yaani siku ya 56, siku unayompa dawa tayari kuna mayai yaliyokomaa chini ya mwembe pale watoto wanapopikia chakula chao cha mchezo. Dawa itamsafisha mbwa, lakini haitasafisha udongo, na mayai hayo huweza kuishi humo kwa miaka. Dawa za kawaida za kusafishia sakafu haziyaui.

Ndiyo maana ratiba ninayoifuata huanza wiki ya pili, kabla yai la kwanza halijatoka: wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Wanarudiwa kwa sababu dawa huua minyoo iliyo kwenye utumbo, lakini lava walio bado safarini kwenye ini na mapafu hunusurika, na baada ya siku chache nao wanafika utumboni. Mama hupewa dawa siku moja na watoto wake. Mbwa mzima wa nyumba yenye watoto wadogo, kila miezi mitatu.

Kosa jingine ni kipimo. Dawa ya minyoo iitwayo pairanteli hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Kitoto cha gramu 900 kinahitaji miligramu 4.5, na kama dawa yako ya maji ina miligramu 50 katika kila mililita moja, hiyo haifiki hata sehemu ya kumi ya mililita. Kijiko cha chai hakifai hapa. Mimi hutumia mizani ya jikoni na bomba la sindano la mililita moja, bila sindano yake. Na tafadhali, ile dawa ya mbuzi yenye levamisoli iache kwa mbuzi; kwa mbwa, kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru pana nafasi ndogo sana.

Mtoto wa mtu akimeza yai lililokomaa, lava huzunguka mwilini bila kuwa mnyoo mkubwa. Wengi hawaugui. Wengine hupata homa, kikohozi cha kubana kifua na ini kuvimba, na mara chache lava huingia jichoni na kuharibu uoni wa jicho moja. Choo cha mtoto kikipimwa hakionyeshi kitu, kwa kuwa mayai hayatagwi ndani ya binadamu. Mwambie daktari kwamba nyumbani kuna watoto wa mbwa na kwamba mtoto anakula udongo, ili afikirie kipimo cha damu. Kidonge kimoja cha minyoo wanachogawiwa wanafunzi hakitoshi kutibu hili.

Jirani nimemwambia atampata mbwa wake wiki ya nane, akiwa ameshapata dozi nne. Hadi hapo kazi ni ya mwanangu mkubwa: koleo, na kinyesi kuokotwa kila jioni kabla yai halijapata muda wa kukomaa. Analalamika sana.