Saloni ya dola 400 inayolipwa 460

"Nina duka la viti na vitanda hapa Lubumbashi. Nikimtajia mteja jumla ya mkopo, anakimbia. Nikimtajia transhi ya mwezi tu, anabaki. Niache kutaja jumla?"

Hofu hiyo ina msingi. Mwalimu wa Katuba hupanga mshahara wake kwa mwezi: kodi, unga, ada ya watoto, halafu kilichobaki. Ukimwambia "dola 60 kwa mwezi" umemjibu swali alilokuja nalo. Na aliyekimbia jumla kwako ataangukia kwa jirani anayeificha.

Lakini tuseme viti vya saloni ni dola 400 keshi. Kwa mkopo ni avansi 100, kisha 60 kwa miezi 6, yaani 460. Muuzaji hugawanya ile nyongeza ya 60 kwa 400 akasema ameongeza 15 kwa mia tu. Hapo anajidanganya mwenyewe kwanza, maana ile 100 imelipwa siku ya kwanza na haidaiwi. Kilichokopwa ni 300, na nyongeza juu yake ni 20 kwa mia. Tena deni lenyewe hupungua kila mwezi. Ukihesabu juu ya kinachobaki, inafika kama 5 na nusu kwa mia kwa mwezi. Si ndogo.

Mteja hahitaji hesabu hiyo ya mwisho. Anahitaji namba mbili, 400 na 460, na sababu ya ile 60: "Mia tatu zangu zimekaa kwako nusu mwaka. Zingenunua sponji na kitambaa, nikashona saloni nyingine." Mtu akiambiwa hivyo kabla ya kutoa avansi, atabisha bei, pengine ataenda kukopa likelemba ili alipe keshi. Akijumlisha mwenyewe mwezi wa nne, kwenye daftari nyumbani, hataona bei ya kungoja. Ataona mwizi, na transhi mbili zilizobaki utazifuata kwa miguu.

Wengine hugombana na jumla hata isipofichwa, na chanzo ni franka. Dada yangu alikopa kitanda kwa dola huku akilipwa kwa franka. Kila mwezi duka lilimpigia kiwango chake lenyewe, kilichozidi kile cha wabadilishaji wa barabarani. Transhi ya dola 40, kwa tofauti ya franka 100 kwa kila dola, ni franka 4,000. Kwangu mimi hiyo ni nyongeza ya pili, ila haikuandikwa popote.

Kwa hiyo taja jumla, lakini usiitupe peke yake. Andika kwenye karatasi moja bei ya keshi, avansi, transhi na tarehe zake, jumla, kiwango cha nani kitatumika siku ya kulipa, na akimaliza mapema atapunguziwa ngapi. Ukimpunguzia dola 10 kwa kila mwezi anaowahi, andika hiyo 10. Nakala moja abaki nayo yeye, na kila akilipa mwandikie deni lililobaki: 360, 300, 240.